Namba 1.2 na Namba 100: Soma Vipimo vya Mkazo Kabla Mnara wa Tangi Haujasimamishwa

Chukulia kwamba kamati ya mradi wa maji kijijini imeletewa karatasi mbili. Ya kwanza imetoka kwa fundi atakayechomelea mnara wa chuma wa kubeba tangi la lita 10,000. Inasema kwamba kila mguu wa mnara utakandamiza chini kwa mkazo wa 1.2 MPa. Ya pili imetoka kwa mhandisi aliyepima udongo wa mahali hapo. Inasema kwamba udongo huo usibebeshwe zaidi ya 100 kN/m².

Mwanakamati anazisoma haraka. Moja nukta mbili ni ndogo, mia moja ni kubwa, basi udongo unatosha. Anatia sahihi na kazi inaanza.

Namba zote mbili zimepigwa vizuri. Kosa liko katika kuzilinganisha, kwa sababu hazikuandikwa kwa kipimo kimoja. Ukiigeuza ile ya fundi iwe katika kipimo cha mhandisi, 1.2 MPa ni 1,200 kN/m². Mguu wa mnara unaudai udongo mara 12 ya kile unachoruhusiwa kubeba.

Huku kwetu Makueni, na kwa majirani zetu wa Kitui ng'ambo ya Mto Athi, tangi juu ya mnara ni kitu cha kila siku. Liko kwenye kioski cha maji, kwenye shule, kwenye zahanati na kwenye boma la mtu binafsi. Wananchi wanaoketi katika kamati za kusimamia miradi huonyeshwa michoro na vyeti vya vipimo kabla ya kukubali kazi. Makala haya yanaeleza vipimo vinne vinavyotokea kwenye karatasi hizo, yaani nyutoni, paskali, megapaskali na kilonyutoni kwa mita mraba, na jinsi ya kutambua hesabu iliyoteleza.

Nyutoni: uzito unaoujua kwa mkono

Nyutoni, inayoandikwa N, ni kipimo cha nguvu. Kilo hupima wingi wa kitu, lakini kinachokandamiza mguu wa mnara ni nguvu ambayo dunia inakivutia kitu hicho chini. Kila kilo moja inavutwa kwa nyutoni 9.81. Kwa hesabu ya mkono tunaweza kusema 10, nasi tutakuwa tumezidisha kidogo tu, takriban asilimia mbili, upande ulio salama.

Gramu 100 za ndengu zinakandamiza kiganja chako kwa karibu nyutoni 1. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 za maji, kwa hiyo unavuta mkono kwa nyutoni 200 hivi. Kumbuka mtungi huo, kwa maana tutautumia kukagua hesabu.

Nyutoni 1,000 zikiwa pamoja huitwa kilonyutoni moja, kN 1. Hiyo ni sawa na mitungi mitano iliyojaa.

Paskali: nguvu na mahali inapotua

Nguvu peke yake haitoshi kukuambia kama kitu kitazama. Mtu aliyevaa viatu vya kisigino chembamba huzama kwenye udongo uliolowa, lakini akivaa malapa ya soli pana hupita, ilhali uzito wake ni uleule. Kinachobadilika ni eneo linalobeba uzito huo. Nguvu ikigawanywa kwa eneo inatoa mkazo:

mkazo = nguvu ÷ eneo

Nyutoni moja ikitandazwa sawasawa juu ya mita mraba moja, mkazo wake ni paskali moja, Pa 1. Ni mkazo mdogo sana. Ukitandaza gramu 100 za ndengu juu ya meza yenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja, meza hiyo inabeba paskali moja.

Kwa kuwa paskali ni ndogo hivyo, wajenzi hawaitumii peke yake. Kwa udongo hutumia kilonyutoni kwa mita mraba, kN/m². Kipimo hiki ni kitu kilekile na kilopaskali, kPa, yaani paskali 1,000. Kwa konkriti na chuma, vitu vinavyobeba mkazo mkubwa zaidi, hutumia megapaskali, MPa, yaani paskali milioni moja. Kwenye michoro mingi megapaskali huandikwa N/mm², nyutoni kwa milimita mraba. Hizo mbili ni kitu kimoja.

Hapa ndipo mtego unapoanza. Udongo huandikwa kwa kipimo kimoja na konkriti kwa kingine, lakini mguu wa tangi unavikandamiza vyote viwili.

Kwa nini ni milioni na si elfu

Mita moja ina milimita 1,000. Wengi wetu tunalijua hilo, na kwa hiyo mkono unakimbilia kusema kwamba mita mraba moja ina milimita mraba 1,000. Sivyo.

Fikiria karatasi yenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja, iliyochorwa vimraba vya milimita moja moja. Mstari wa kwanza una vimraba 1,000. Lakini mistari yenyewe iko 1,000 pia. Kwa hiyo vimraba vyote ni 1,000 × 1,000, ambavyo ni 1,000,000. Eneo lina pande mbili, na kila upande unadai elfu yake.

Sasa weka nyutoni moja juu ya kila kimraba. Kimraba kimoja kinabeba 1 N/mm², ilhali karatasi nzima inabeba nyutoni milioni moja. Nyutoni milioni moja juu ya mita mraba moja ni paskali milioni moja, yaani megapaskali moja. Nyutoni hizo milioni moja ni kilonyutoni 1,000. Kwa hiyo:

1 MPa = 1 N/mm² = 1,000 kN/m² = 1,000,000 Pa

Mstari huo mmoja unatosha kwa kazi yote inayofuata. Kutoka MPa kwenda kN/m² unazidisha kwa 1,000. Kutoka kN/m² kwenda MPa unagawanya kwa 1,000. Ile milioni inatokea unapogeuza eneo kutoka milimita mraba kwenda mita mraba, au unapogeuza paskali kuwa megapaskali.

Hesabu ya mnara, hatua kwa hatua

Turudi kwenye mnara wetu. Tangi lina lita 10,000, na lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 10,000. Katika mfano huu tuseme tangi tupu pamoja na chuma chote cha mnara ni kilo 800. Jumla ni kilo 10,800.

Hatua ya kwanza ni kugeuza kilo kuwa nguvu. Kilo 10,800 × 10 ni N 108,000, yaani kN 108.

Hatua ya pili ni kugawa kwa miguu. Mnara una miguu minne, na kama mzigo umekaa katikati, kila mguu unapata N 27,000, yaani kN 27. Hiyo ni sawa na mitungi 135 ya lita 20 juu ya mguu mmoja.

Hatua ya tatu ni eneo. Chini ya kila mguu fundi amechomelea bamba la chuma la milimita 150 kwa milimita 150. Eneo lake ni mm² 22,500.

Hatua ya nne ni mkazo. N 27,000 ÷ mm² 22,500 ni 1.2. Kwa kuwa tuligawanya nyutoni kwa milimita mraba, jibu ni 1.2 N/mm², na hiyo ni 1.2 MPa. Fundi hakukosea.

Sasa tuipige hesabu hiyohiyo kwa njia ya pili, kwa kilonyutoni na mita. Bamba lina mita 0.15 kwa mita 0.15, na eneo lake ni m² 0.0225. kN 27 ÷ m² 0.0225 ni 1,200 kN/m². Njia zote mbili zinakubaliana, kwa sababu 1.2 × 1,000 ni 1,200.

Ili ujue ukubwa wa mkazo huo, linganisha na maji yenyewe. Kila mita moja ya kina cha maji inakandamiza chini kwa karibu 10 kN/m². Ukuta wa Bwawa la Thwake, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi mpakani mwa Makueni na Kitui, ulisanifiwa kuwa na kimo cha mita 80.5. Maji yenye kina cha mita 80 yangekandamiza sakafu ya bwawa kwa 800 kN/m² hivi. Bamba dogo la milimita 150 chini ya tangi la kijijini linaukandamiza udongo kwa 1,200. Maji ya tangi ni machache sana, lakini yote yamesimamishwa juu ya mabamba manne yasiyozidi upana wa sahani.

Msingi wa konkriti unafanya nini

Bamba hilo likiwekwa moja kwa moja juu ya udongo wenye uwezo wa 100 kN/m², litazama. Mara nyingi miguu yote minne haizami sawasawa. Mmoja hukuta udongo laini zaidi, unashuka mbele ya wenzake, mnara unainama, na mzigo mwingi zaidi unahamia mguu uleule ulioshuka.

Kuna jambo lingine linalofanya kosa hili lichelewe kuonekana. Mnara ukisimamishwa wakati wa kiangazi, udongo mkavu huwa mgumu na tangi linaweza kuwa tupu au nusu. Mvua za Oktoba hadi Desemba zinapokuja, udongo unalowa na kupoteza nguvu, na hapo ndipo paa nazo zinajaza tangi. Mzigo unakuwa mzito kuliko wakati wowote, juu ya udongo ulio laini kuliko wakati wowote. Penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba ukilowa hali huwa mbaya zaidi, na hapo mhandisi hutaka msingi wa aina nyingine kabisa.

Dawa ya kawaida ni kuweka kitalu cha konkriti kati ya bamba na udongo, ili nguvu ileile itue mahali papana zaidi. Tujaribu kitalu cha milimita 600 kwa milimita 600 chini ya kila mguu, chenye kina cha milimita 300.

Eneo la kitalu ni mita 0.6 × mita 0.6, sawa na m² 0.36. kN 27 ÷ m² 0.36 ni 75 kN/m². Kitalu chenyewe nacho kina uzito. Konkriti huhesabiwa kuwa na kN 24 kwa kila mita ya ujazo, na kina cha mita 0.3 kinaongeza 24 × 0.3, ambayo ni 7.2 kN/m². Jumla ni 82.2 kN/m². Sasa tunalinganisha 82.2 na 100, zote mbili katika kN/m², na udongo unatosha.

Juu ya kitalu, bamba la chuma bado linakandamiza konkriti kwa 1.2 MPa. Konkriti ya daraja la 20 ilipasuka maabara ikiwa imefika MPa 20. Mhandisi hatumii MPa 20 zote katika usanifu wake, lakini 1.2 iko mbali na 20, na safari hii kulinganisha ni halali kwa kuwa zote ni MPa. Kwa hiyo mkazo mmoja unaweza kuwa mdogo sana kwa konkriti na mkubwa kupita kiasi kwa udongo.

Kosa la kwanza: kuziacha kilo zijifanye nyutoni

Mtu anachukua kilo 10,800, anagawanya kwa miguu minne, anapata 2,700 na kuandika N mbele yake. Hatua ya kuzidisha kwa 10 imerukwa. Kuanzia hapo kila jibu ni ndogo mara kumi.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba majibu yake hayaonekani ya ajabu. Mtu huyo akichagua kitalu kidogo cha milimita 200 kwa milimita 200, eneo lake ni m² 0.04. Atagawanya kN 2.7 kwa m² 0.04 na kupata 67.5 kN/m². Jibu linakaa vizuri kabisa chini ya 100. Mkazo wa kweli ni 675 kN/m².

Namna ya kulitambua ni kurudi kwenye mtungi. Nyutoni 2,700 ni mitungi 13 na nusu. Tangi la lita 10,000 linajaza mitungi 500, na robo yake ni mitungi 125. Kama hesabu inasema kwamba mguu mmoja unabeba mitungi 13, mitungi mingine imeenda wapi?

Kosa la pili: kugawanya eneo kwa elfu moja

Kitalu chetu cha milimita 600 kwa milimita 600 kina eneo la mm² 360,000. Mtu anataka kuligeuza liwe mita mraba. Anakumbuka kwamba mita ina milimita 1,000, anagawanya mara moja, anapata 360, na kuandika m² 360. Jibu sahihi ni m² 0.36.

Kisha anagawanya kN 27 kwa 360 na kupata 0.075 kN/m². Mimi mwenyewe nililifanya kosa hili nilipokuwa nikiandaa makala haya, na lilinipita kwa sababu moja. Mkazo sahihi kwa njia ya milimita ni N 27,000 ÷ mm² 360,000, ambayo ni 0.075 MPa. Tarakimu ni zilezile, 0.075. Nilipolinganisha majibu mawili niliona 0.075 na 0.075, nikafurahi. Nilikuwa nimesahau kutazama herufi zilizofuata. 0.075 MPa ni 75 kN/m², ilhali 0.075 kN/m² ni ndogo kuliko hiyo mara elfu moja.

Namna ya kulitambua ni kuliona eneo kwa macho. Ploti ya futi 50 kwa futi 100 ina karibu m² 465. Kitalu cha m² 360 kingefunika zaidi ya robo tatu ya ploti nzima, nacho kimewekwa chini ya mguu mmoja wa tangi. Au pima mkazo kwa ndengu. 0.075 kN/m² ni Pa 75, sawa na kilo saba na nusu za ndengu zilizotandazwa juu ya meza ya mita moja kwa mita moja. Tangi la lita 10,000 haliwezi kuukandamiza udongo kwa upole huo.

Kosa la tatu: kuchanganya kilonyutoni na milimita

Kosa hili hutokea sana kwenye hesabu za vipimo vya konkriti. Wakati wa kumwaga konkriti, sampuli hujazwa katika vibuyu vya chuma vya umbo la mchemraba, kila upande milimita 150. Michemraba hiyo huwekwa majini, kisha hupelekwa maabara na kukandamizwa na mashine mpaka ipasuke. Mashine husoma nguvu kwa kilonyutoni, lakini pande za mchemraba hupimwa kwa milimita.

Tuseme mashine imesoma kN 450. Eneo la uso wa mchemraba ni 150 × 150, sawa na mm² 22,500, lilelile la bamba letu. Mtu akigawanya 450 kwa 22,500 anapata 0.02, naye anaandika MPa 0.02. Lakini amegawanya kilonyutoni kwa milimita mraba, na hicho si kipimo cha megapaskali. Alitakiwa aanze kwa kugeuza kN 450 kuwa N 450,000. N 450,000 ÷ mm² 22,500 ni 20 N/mm², yaani MPa 20.

MPa 0.02 ni 20 kN/m². Ukiona namba kama hiyo kwenye cheti, jua kwamba ni ndogo kuliko uwezo wa ule udongo wetu wa 100 kN/m². Konkriti iliyoshikana haiwezi kuwa dhaifu kuliko ardhi iliyokaliwa nayo. Konkriti ya kawaida ya ujenzi huangukia kwenye makumi ya megapaskali, na udongo huangukia kwenye makumi au mamia ya kilonyutoni kwa mita mraba. Ukizishika hizo mbili kichwani, jibu lililoteleza kwa elfu moja litajitokeza lenyewe.

Ukiwa na cheti hicho mkononi, tazama pia umri wa mchemraba ulipopasuliwa. Mashine ikisoma kN 315, mkazo ni MPa 14. Kwa konkriti ya daraja la 20, MPa 14 katika siku ya 7 si jambo la kutisha, kwa kuwa konkriti huwa bado inaendelea kupata nguvu. MPa 14 hiyohiyo katika siku ya 28 ina maana kwamba konkriti haikufika daraja lililoagizwa, na kamati ina haki ya kumuuliza kontrakta.

Namna ya kupiga hesabu bila kuteleza

Chagua njia moja na uishike tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitumia nyutoni na milimita, jibu litakuja katika MPa. Ukitumia kilonyutoni na mita, jibu litakuja katika kN/m². Geuza vipimo vya urefu kabla hujazidisha kupata eneo. Andika mita 0.6 × mita 0.6, wala usipate mm² 360,000 halafu ukaanza kuigeuza. Ukigeuza urefu mapema, zile elfu mbili zinajishughulikia zenyewe, na kosa la pili halipati mlango.

Kisha piga hesabu mara ya pili kwa njia nyingine na uone kama jibu la MPa likizidishwa kwa 1,000 linakupa jibu la kN/m². Andika kipimo mbele ya kila namba, hata zile za katikati. Namba isiyo na kipimo ndiyo iliyotuletea 1.2 dhidi ya 100.

Mipaka ya hesabu hii

Hesabu tuliyopiga inatosha kukagua karatasi. Haitoshi kusanifu mnara. Tumechukulia kwamba kila mguu unabeba robo kamili, lakini upepo ukisukuma tangi, miguu ya upande mmoja inakandamizwa zaidi na ya upande wa pili inainuliwa. Tangi tupu ndilo linaloweza kupinduliwa na upepo kwa urahisi, kwa sababu halina uzito wa maji wa kulishikilia. Pia miguu mirefu na myembamba inaweza kupinda kabla chuma chenyewe hakijachoka, na hilo halionekani katika nguvu ÷ eneo. Uwezo wa udongo nao lazima upimwe mahali penyewe. Ile 100 kN/m² ni ya mfano wetu, si ya shamba lako.

Mambo hayo ni ya mhandisi. La kwako kama mwanakamati ni kuhakikisha, kabla ya kutia sahihi, kwamba karatasi inaonyesha mzigo wote wa tangi likiwa limejaa, ukubwa wa bamba na wa kitalu chini ya kila mguu, na uwezo wa udongo uliopimwa. Kisha tazama kama mkazo na uwezo vimeandikwa kwa kipimo kimoja. Kama kimoja kiko katika MPa na kingine katika kN/m², geuza kabla hujalinganisha. Jibu lisipoingia akilini, peleka karatasi kwa msimamizi wa wadi yako na uombe iangaliwe na mhandisi wa kaunti kabla kitalu cha kwanza hakijamwagwa, maana baada ya tangi kujaa, kuuinua mguu uliozama ni kazi ngumu kuliko kuzidisha kwa elfu moja.